Asifunge Jumatatu kabla Daonil haijapunguzwa

"Wadau, mama yangu ana miaka 63, tuko Nakuru, sukari aina ya pili mwaka wa tisa sasa. Anameza Daonil ya 5 asubuhi na jioni, pamoja na metformini. Kwenye kikundi cha WhatsApp wamemwambia aache ugali, mkate na viazi, na awe anafunga hadi saa saba mchana. Anaanza Jumatatu. Naomba kujua unga gani mbadala unafaa, chai ya maziwa inavunja mfungo ama haivunji, na ni kweli sukari inapona kwa njia hii?"

Dada, asianze Jumatatu. Asianze mpaka daktari wake aione hiyo Daonil na aseme ipunguzwe kiasi gani. Kosa hili nilishalifanya mimi kwa mgonjwa wa nyumbani kwetu, nikifuata karatasi ya mtu aliyejiita mwalimu wa lishe. Kurasa nne zilijaa vyakula vya kula na vya kuacha, na neno dawa halikuwemo hata mara moja. Tuliishia wodini.

Hivi vidonge viwili anavyomeza mama havifanani hata kidogo. Metformini hasa huzuia ini kumwaga sukari nyingi kwenye damu. Ikiwa peke yake, ni nadra sana sukari kushuka kupita kiasi, hata mtu akikosa mlo. Aendelee nayo, ila aimeze pamoja na mlo wa kwanza ili tumbo lisimsumbue. Daonil, ambayo jina lake la dawa ni glibenklamidi, hulilazimisha kongosho kutoa insulini. Haiulizi kama umekula. Ukiimeza saa moja asubuhi, insulini itatoka tu, na nguvu yake inaweza kukaa mwilini hadi saa 24. Mabaki yake hutolewa na figo, kwa hiyo mtu ambaye figo zimechoka dawa hukaa ndani yake muda mrefu zaidi. Ndiyo maana orodha ya dawa muhimu ya WHO inasema glibenklamidi haiwafai watu waliopita miaka 60. Mama ana 63. Hilo pekee lingetosha kumpeleka kliniki, hata kama hakungekuwa na habari ya kufunga.

Sasa fuata siku yake ya Jumatatu jinsi walivyompangia. Tuseme ameamka na 8.2 kwenye mashine. Saa moja anameza Daonil kama alivyozoea miaka tisa, kwa sababu hakuna aliyemwambia asimeze. Siku nyingine angekula viazi vitamu viwili na chai, na insulini ile ingekuwa na kazi. Leo hakuna chakula. Saa nne yuko 5.1 na anafurahi, anapiga picha ya mashine na kuituma kikundini. Saa sita yuko 3.4. Jasho linamtoka, mikono inatetemeka, moyo unakimbia, na bado saa nzima kabla ya kula. Hapo ndipo akina mwalimu wa lishe humwambia mtu avumilie, eti mwili unazoea au sumu zinatoka. Hakuna sumu inayotoka. Chini ya 3.9 sukari imeshuka na inatakiwa kupandishwa dakika hiyo hiyo. Chini ya 3.0 ubongo wenyewe unaanza kukosa chakula: mtu anaongea ovyo, anakasirika bila sababu, anaweza kuzimia au kupata degedege. Anayemwambia mgonjwa wa Daonil avumilie dalili hizi anamhatarishia maisha, na nalisema nikiwa nimekasirika kweli.

Jioni ni mbaya zaidi. Donge la ugali la gramu 150 za unga lina wanga wa karibu gramu 110. Akiweka mahali pake sukuma, omena na parachichi, wanga wote wa sahani haufiki gramu 25. Chakula ni kizuri, sina ugomvi nacho. Lakini kidonge cha jioni bado ni kile kile kilichopimwa kwa ajili ya ugali. Sukari itashuka saa nane au saa tisa usiku, kila mtu amelala. Mkimkuta amelowa jasho na anatetemeka, mtadhani ni malaria, kwa sababu huku kwetu kila kutetemeka ni malaria. Pimeni sukari kwanza. Na kama anameza atenololi au propranololi ya presha, kutetemeka na mapigo ya moyo vinaweza visionekane kabisa, libaki jasho tu.

Ikitokea, na ana fahamu na anaweza kumeza, mpe vijiko vinne vya chai vya sukari vilivyokorogwa katika nusu kikombe cha maji, au nusu ya soda ya mililita 300, soda ya kawaida, si ile isiyo na sukari. Hiyo ni kama gramu 15. Usimpe njugu wala parachichi, maana mafuta huchelewesha. Subiri dakika 15, pima tena, na kama bado iko chini ya 3.9 rudia. Ikipanda, ale chakula chenye wanga, hata huo ugali aliokatazwa, na mfungo wa siku hiyo umekwisha. Kama amezimia usimwage chochote mdomoni. Mlaze kwa ubavu na mkimbizeni hospitali awekewe glukosi kwenye mshipa.

Hapa ndipo watu wengi hukosea mara ya pili. Akiamka baada ya glukosi anaonekana mzima kabisa, anataka kwenda nyumbani, na nyie mnafikiria bili. Msiondoke. Glukosi inaisha baada ya muda mfupi lakini Daonil bado iko ndani, kwa hiyo sukari inaweza kushuka tena usiku ule ule. Mwambieni daktari kwa maneno haya: "anameza Daonil." Wakisikia hivyo watamweka chini ya uangalizi hadi siku ya pili.

Kanuni yangu ni hii moja: kidonge kipungue siku ile ile sahani inapopungua, si baada ya kuona matokeo. Hata wanaofanya utafiti hufanya hivyo. Ule utafiti wa DiRECT wa Uingereza uliochapishwa 2017, ambao ndio kila mtu anautaja akisema sukari imepona, ulisimamisha dawa zote za sukari na za presha siku ya kwanza ya mlo. Kikundi cha WhatsApp kimechukua mlo na kuacha nusu hiyo ya pili.

Na kwa kuwa umeuliza kuhusu kupona: katika DiRECT karibu nusu ya waliofuata mpango, asilimia 46, walifika mwaka mmoja sukari imetulia bila dawa. Baada ya miaka miwili walibaki asilimia 36. Lakini hawakuwa wakifunga wala kula parachichi. Walikunywa supu na vinywaji maalumu vya kalori kama 850 kwa siku kwa miezi mitatu hadi mitano, na kilichotuliza sukari ni kilo zilizopungua, hasa kwa waliopunguza 15 na zaidi. Tena walichukuliwa watu ambao ugonjwa haujapita miaka sita na ambao hawadungi insulini, kwa hiyo mama wa mwaka wa tisa asingeandikishwa. Kupunguza wanga kunasaidia, na miezi sita ya kwanza tofauti huonekana vizuri, ila ikifika mwaka inakuwa ndogo. Kufunga nako, katika tafiti nyingi zilizokulinganisha na kula kidogo kila siku bila kufunga, sukari ilishuka karibu sawasawa. Ukimwondolea mama mfungo na kumwachia sahani ndogo yenye wanga kidogo, hajapoteza kitu kikubwa, na hatari ya ile asubuhi ndefu inapungua.

Kwa hiyo wiki hii nendeni kliniki ya sukari na dawa zote ndani ya mfuko, hata za presha na za kienyeji. Mwelezeni daktari hasa atakula nini na saa ngapi. Kipimo cha HbA1c, kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi miwili mitatu iliyopita, ndicho kitakachoamua. Mtu aliye karibu na asilimia 7, madaktari wengi humwondolea Daonil kabisa siku anayoanza. Aliye juu ya 9 au 10 huenda akakatiwa nusu, au akapewa dawa nyingine isiyoshusha sukari kwa nguvu hivyo. Uamuzi ni wao, si wako wala wangu. Ombeni pia kipimo cha figo na macho yaangaliwe, kwa sababu sukari iliyokuwa juu miaka mingi ikishushwa ghafla inaweza kuharibu zaidi macho yaliyokwisha kuguswa.

Akishaanza, wiki mbili za kwanza apime anapoamka, saa nne, kabla ya mlo wa kwanza, kabla ya chakula cha jioni na kabla ya kulala, na usiku tatu za mwanzo mmoja wenu aweke kengele ya saa tisa ampime. Nunueni stripu za kutosha kabla ya kununua unga wowote. Ikisoma chini ya 5 anapokwenda kulala na bado anameza kidonge cha jioni, mpigieni daktari kesho yake asubuhi, msisubiri ishuke zaidi. Akisimama na kusikia kizunguzungu wakati sukari iko sawa, pimeni presha. Wanga ukipungua figo hutoa chumvi na maji mengi, na vidonge vya presha vya zamani vinaweza kuwa vikali mno.

Kama kwenye mfuko kuna Forxiga au Jardiance, au dawa yoyote ambayo jina lake linaishia na gliflozini, hiyo isimamishwe na daktari kabla ya kuanza. Ukiichanganya na njaa au wanga kidogo, damu inaweza kujaa asidi huku mashine ikisoma namba za kawaida. Mgonjwa anatapika, anapumua kwa nguvu, na watu wanasema sukari iko sawa. Wanaodunga insulini ya Mixtard nao wasiiache ghafla wala wasidunge kipimo kile kile bila chakula: kipunguzwe na daktari kwanza.

Kuna wengine ambao mfungo huu hauwahusu hata dawa zikirekebishwa: wenye aina ya kwanza, wajawazito na wanaonyonyesha, wenye figo zilizoharibika sana, wazee dhaifu, waliowahi kuzimia bila kuona dalili, na mtu mwembamba anayezidi kukonda. Huyo wa mwisho naomba umwangalie mama vizuri. Huku tuna wagonjwa wengi wembamba walioandikiwa aina ya pili, na wengine kongosho lao halina tena insulini. Kama nguo zimeanza kumpwaya kabla hata ya kuanza mlo wowote, mwambie daktari hilo kabla ya jambo lingine.

Kliniki ikiwa Alhamisi, basi Jumatatu, Jumanne na Jumatano anywe chai na viazi vyake saa moja na nusu kama kawaida.