Mabegi 80 yaliyonilia mtaji

*"Wakuu, nina duka la mahitaji ya nyumbani na akiba ya milioni 3. Niongeze mzigo au niweke kwenye mifuko ya uwekezaji ya UTT? Mzigo naona una faida kubwa zaidi."*

Mkuu, mimi nilikuwa na kiasi hichohicho na duka kama lako. Mwezi wa 11 nikaona mabegi ya shule kwa bei nzuri, nikachukua 200 kwa 15,000 kila moja, niuze 22,000 shule zikifunguliwa. Hadi mwisho wa Januari yalitoka 120. Yale 80 nikayang'ang'ania hadi mwisho wa Novemba, ndipo nikayauza kwa 18,000. Kwenye daftari niliandika faida 1,080,000, nikaona nimeipita UTT mbali sana.

Kilichonifungua macho ni wateja niliokuwa nawarudisha. Karibu kila wiki sukari, unga na mafuta ya kupikia viliisha kabla sijapata hela ya kufuata mzigo, kwa sababu 1,200,000 ilikuwa imelala kwenye yale mabegi 80. Bidhaa hizo kwangu zinabakiza faida kama asilimia 4 tu, ila zinazunguka kila wiki mbili. Kila mzunguko ungenipa 48,000, na kwa miezi kumi ni mizunguko kama 20, yaani 960,000. Mabegi yale 80 yalinipa 240,000. Hiyo 960,000 ndiyo gharama ya fursa: sikuitoa mfukoni, haikuandikwa popote, lakini niliilipa.

Kinachoniuma zaidi ni hiki. Februari kuna mtu alitaka kuyabeba yote kwa 13,000 kila moja. Nilikataa, nikisema siuzi kwa hasara. Ningepata 1,040,000, na kwa mizunguko ileile ingezaa 832,000. Toa hasara ya 160,000, inabaki 672,000, karibu mara tatu ya nilichopata kwa kuyashikilia. Bei niliyonunulia ilishapita. Swali lilikuwa hela hiyo itafanya nini kuanzia Februari.

Kwa hiyo usilinganishe mzigo na UTT kwa jumla. Shilingi ya kwanza ya mzigo na ya mwisho hazizai sawa. Sukari inalipa pale tu wateja wanapoikosa. Ukijaza mara mbili ya wanachonunua, ziada inalala kama mabegi yangu. Na iliyolala, hata mfuko wa asilimia 12 kwa mwaka unaishinda.

Chukua daftari, kwa wiki mbili andika kila kitu mteja alichoulizia ukamjibu "kimeisha", na kiasi alichotaka. Jumlisha kwa bei ya kununulia. Ikitoka laki 9, ongeza mzigo wa laki 9, wa vitu hivyohivyo. Milioni 2 na ushee iliyobaki weka Mfuko wa Ukwasi wa UTT, maana ukiihitaji dukani unaipata ndani ya siku chache za kazi.