Kurudi sainasi siyo kupona, tafadhali msinirudishie hii stori

Wadogo zangu wa intani, juzi kwenye raundi nimeisikia tena, "AF imeisha dokta, amerudi sainasi, tunamruhusu na aspirini". Nilinyamaza kidogo maana hiyo sentensi niliwahi kuisema mimi mwenyewe hivyo hivyo. Leo naiandika yote, someni kabla ya zamu ya usiku.

1. Jueni kwanza hii AF, mtetemo wa atria, inatoka wapi. Cheche nyingi zinaanzia kwenye vena za mapafu, pale zinapoingia atria ya kushoto, halafu kama atria yenyewe imetanuka na ina makovu ya presha ya miaka mingi, umeme unakuta njia za kuzungukia na hautoki. Atria haikamui tena, inatetemeka tu, damu inatuama kwenye kile kifuko cha pembeni mpaka bonge linajengeka. Kwa hiyo mna matatizo mawili, umeme na ukuta mgonjwa. Mdundo wa kawaida wa sainasi ukirudi umetuliza umeme, ukuta uko vile vile.

2. Kasi au mdundo? Kama presha inaporomoka kwa sababu ya AF yenyewe, mshtueni kwa umeme, msisubiri. Kama ametulia anzeni na kasi, beta bloka, chini ya 110 akiwa amepumzika inatosha kwa kuanzia, na hesabuni kwa stetoskopu juu ya moyo siyo kwenye mkono, maana mapigo mengine ni dhaifu hayafiki mkononi. Kumrudisha kwenye mdundo kuna faida hasa AF ikiwa changa, utafiti wa EAST-AFNET 4 wa 2020 ulionyesha hivyo kwa waliogunduliwa ndani ya mwaka mmoja, ila na wao waliendelea na dawa za kuzuia damu kuganda. Mnaipenda hiyo sehemu ya kwanza, ya pili mnairuka. Kwenye utafiti wa AFFIRM wa 2002 viharusi vingi viliwapata walioacha warfarini au ambao INR yao ilikuwa chini ya 2, hata waliokuwa upande wa kudhibiti mdundo.

3. Sasa yule mama. Miaka 68, ana presha, ana sukari, kaja moyo unamwenda mbio tangu asubuhi. ECG inasoma 148, haina mpangilio, mawimbi ya P hakuna. Nikampa metoprololi ya mshipa, baada ya masaa kama manne nikaona P zimerudi, zimepangana vizuri kabisa, nikafurahi, nikamwonyesha karatasi nikamwambia mama moyo wako umetulia. Akanishika mkono akanishukuru. Nikamwandikia bisoprololi na aspirini, kwenye faili nikaandika "AF, imeisha", nikaendelea na mgonjwa mwingine. Alama za hatari ya kiharusi sikuhesabu, niliona hakuna cha kuhesabu kwa sababu AF haipo.

Siku ya 19 binti yake kamleta, upande wa kulia umelegea, maneno hayatoki. Nikakimbilia ECG nikitegemea kuiona AF. Ilikuwa sainasi! Nilisimama na ile karatasi muda mrefu, maana karatasi safi kama ile ndiyo niliyomruhusu nayo.

Hesabuni na mimi sasa. CHA2DS2-VASc: presha 1, sukari 1, umri wa 65 mpaka 74 ni 1, mwanamke 1, jumla 4. Mwongozo mpya wa Ulaya wa 2024 umeitoa jinsia, bado anabaki na 3, na kuanzia 2 dawa inapendekezwa. Angalieni hizo herufi, hakuna hata moja inayouliza mdundo wa leo ukoje! Alihitaji apiksabani au mwenzake siku ile ile, na aspirini niliyompa haikuwa kinga, ilimwongezea hatari ya kutoka damu tu. Kuhesabu kungenichukua chini ya dakika moja. Yule mama alipona nusu, jina la binti yake alilitamka tena baada ya wiki kadhaa, nilikuwepo.

4. Mkitaka kumrudisha mtu kwenye mdundo na hamjui ilianza lini au imepita masaa 24, ni wiki 3 za dawa ya kuzuia damu kuganda kwanza au aangaliwe kifuko kwa eko ya kupitia umio, na baadaye angalau wiki 4 kwa kila mtu, maana atria iliyotoka kurudi inachelewa kukamua.

5. Akiwa na mitrali iliyobana kiasi au sana, au valvu ya chuma, alama wekeni pembeni kabisa, huyo ni warfarini.

6. "Anatoka damu kirahisi dokta." Sawa, basi shusheni presha, ondoeni diklofenaki, angalieni figo mpange dozi. HAS-BLED inawaonyesha cha kurekebisha, na mkishakirekebisha dawa mpeni. Na kwenye faili msiandike "imeisha", andikeni alama ni ngapi na amepewa nini.