Mizizi ya polinomia kwa matriksi: tatizo mara nyingi ni skeli, siyo QR

Swali: "Wakuu, nimeandika QR yangu kwa C kwenye kifaa cha biti 32. Polinomia ni ya digrii 3, inatafuta ujazo wa gesi (m³ kwa moli). Mizizi yote inatoka na ukubwa wa karibu 0.004, lakini `np.roots` kwenye laptop inanipa 0.000267. Nimekagua matriksi, koefisienti zimekaa sawa. Nakosea wapi?"

Mkuu, QR yako inaweza kuwa nzima kabisa. Mimi nipo Mtwara, na shimo hilo nililiingia nikipiga hesabu za gesi ya Mnazi Bay. Gesi hiyo karibu yote ni methani, kwa hiyo nitumie methani tupu: 300 K, 8 MPa, mlinganyo wa Peng-Robinson. Ukiuandika kwa ujazo V unapata hivi:

```
V^3 - 2.850e-4 V^2 + 6.415e-9 V - 4.344e-13 = 0
```

Sasa itazame kama matriksi. Mstari wa juu una koefisienti hizo, alama zikiwa zimegeuzwa, na chini yake kuna namba 1 mbili. Kila mzunguko wa QR unachanganya mistari, na kosa la kukadiria unalolifanya hupimwa kwa namba kubwa iliyomo ndani, yaani ile moja. Kwa biti 32 kosa hilo ni kama 1e-7. Kona ya juu kulia ina 4.3e-13, basi imemezwa, kama chumvi kidogo uliyoitupa baharini. Kinachobaki pale kona ni uchafu wa 1e-7, na mzizi wa tatu wa 1e-7 ni 0.0046. Hiyo 0.004 yako inatoka hapo, haihusiani na gesi.

Laptop imekuokoa kwa sababu `np.roots` inaita LAPACK, na LAPACK kabla ya QR inasawazisha matriksi: inazidisha safu na kugawa mistari kwa vipeo vya 2 mpaka ukubwa wao ukaribiane. QR ya kuandika mwenyewe haina hatua hiyo usipoiweka.

Mimi nilijiharibia hata nikiwa na `np.roots`. Niliweka mstari wa "usafi": koefisienti yoyote chini ya 1e-12 iwe sifuri. Niliona ni uangalifu huo! Ikafuta 4.344e-13, nikapata mizizi mitatu halisi: 0, 2.46e-5 na 2.60e-4. Mkubwa unafanana na jibu, umepungua asilimia 2.5 tu, kwa hiyo nilikaa nao siku kadhaa bila wasiwasi. Kilichonishtua ni ule wa kati. Programu ilikuwa inauita kimiminika, wakati methani juu ya 190.6 K haina kimiminika kwa shinikizo lolote. Tena ni mdogo kuliko b ya methani, 2.68e-5, ujazo ambao mlinganyo wenyewe hauruhusu gesi kushuka chini yake.

Dawa ni kubadili kipimo cha V kabla ya kujenga matriksi. Weka V = s·t, na s iwe mzizi wa n wa thamani chanya ya koefisienti ya mwisho ikigawiwa kwa ya kwanza. Hapo unapata 7.6e-5, ambao ndio ukubwa wa wastani wa mizizi yenyewe. Ikadirie hadi kipeo cha 2 ili kuzidisha kusizue kosa jipya.

```python
def mizizi(c):
    c = np.array(c, float)
    n = len(c) - 1
    s = 2.0 ** np.round(np.log2(abs(c[-1] / c[0])) / n)
    d = c * s ** -np.arange(n + 1)
    return s * np.roots(d)
```

Ukiihamishia kwenye C, hesabu s kwanza na ujenge matriksi kwa d iliyogawiwa kwa d[0]. Koefisienti ya mwisho ikiwa sifuri ya kweli, toa V nje kwanza, la sivyo logi itakukatalia.

Watu wa gesi hufanya hili bila kulitaja: wanatafuta Z badala ya V, na Z = PV/RT ni V iliyogawiwa kwa RT/P. Mlinganyo ule ule unakuwa

```
Z^3 - 0.9140 Z^2 + 0.0660 Z - 0.0143 = 0
```

Mzizi halisi ni mmoja, 0.8565, na miwili iliyobaki ni changamano. Zidisha kwa RT/P (3.118e-4) urudi kwenye 2.67e-4 yako.

Kukagua, usitumie jumla ya mizizi. Nilijidanganya nayo: QR haibadilishi jumla ya ulalo, kwa hiyo jumla inatoka sahihi hata mizizi ikiwa takataka. Zidisha mizizi yote kwa pamoja. Kwako 0.004 × 0.004 × 0.004 inatoa 6.4e-8 wakati ilitakiwa 4.3e-13, kwangu ilitoa sifuri.

Skeli haitakusaidia mizizi ikisongamana. Kwenye ncha ya kritikali Peng-Robinson ina mizizi mitatu inayokutana kwenye Z = 0.3074, na hapo kosa la 1e-7 kwenye koefisienti hurudi kama 0.005 kwenye mzizi, hata matriksi ikiwa imesawazishwa vizuri namna gani. Ukikaribia huko, hamia biti 64.