Kutafuta nyaraka: Kibuli inakataa mno, vekta haijui kukataa

Chukua hifadhi ya nyaraka 1000 za ushauri wa kilimo nchini Uganda. Mtu anatafuta habari za mnyauko wa kahawa Masaka. "Kahawa" imo katika nyaraka 100, "Masaka" 100, "mnyauko" 10 tu.

Modeli ya Kibuli, yaani Boolean, huuliza jambo moja: neno limo au halimo. Ukiandika:

```
kahawa AND mnyauko AND Masaka
```

ripoti nzima kuhusu mnyauko inayotaja Mukono badala ya Masaka inatupwa, na waraka uliotaja mnyauko mara moja kwa kupita unakaa sawa na ule uliouchambua. Ukibadilisha kuwa `OR`, unamwagiwa kila kitu kinachotaja kahawa. Hata kusema "angalau maneno mawili kati ya haya matatu" inabidi uunganishe jozi tatu kwa `OR`. Ukitaka matano kati ya kumi, makundi yanafika 252. Na hata ukiyaandika yote, huna namna ya kusema kwamba mnyauko ndio wenye uzito zaidi.

Modeli ya vekta, inayogeuza kila waraka na kila swali kuwa orodha ya uzito wa maneno, hulisema hilo vizuri. Uzito wa neno ni idadi ya kutokea kwake katika waraka, mara `log10(N/df)`, ambapo N ni nyaraka zote na df ni zile zenye neno hilo. Kahawa na Masaka zinapata 1, mnyauko 2. Kisha waraka na swali hupimwa kwa kosaini ya pembe kati ya vekta zao: kadiri inavyokaribia 1, ndivyo zinavyofanana.

Sasa angalia inapokwama. Waraka wa kwanza una maneno yote matatu, kila moja mara moja, pamoja na mengine ambayo miraba ya uzito wake ikijumlishwa inafika 30. Urefu wa vekta yake ni √36, yaani 6, na wa swali ni √6, yaani 2.449:

```
(1*1 + 2*2 + 1*1) / (6 * 2.449) = 0.41
```

Waraka wa pili ni tangazo la maneno matatu: "Tunanunua kahawa Masaka". Tuseme "tunanunua" nayo ina uzito 1:

```
(1*1 + 1*1) / (1.732 * 2.449) = 0.47
```

Tangazo lisilo na mnyauko limeshinda, kwa sababu ni fupi. Kupunguza nguvu ya marudio kwa logi hakusaidii, maana hakuna neno lililorudiwa. Vekta haina "lazima", wala haina "isiwepo": uzito hasi hushusha waraka, hauufukuzi.

Kwa hiyo chuja kwanza, panga baadaye. Katika Lucene, programu ya kutafutia maandishi (ambayo siku hizi hupanga kwa fomula ya BM25, si kosaini), andika:

```
+mnyauko kahawa Masaka
```

Alama ya `+` hulazimisha mnyauko. Mengine huongeza alama tu. Ripoti ya Mukono inabaki, tangazo linaondoka. Usiweke `+` kwenye kila neno, utarudi kwenye ukali ule ule wa `AND`. Nayo `NOT` itumie kwa uchache: `kahawa NOT robusta` inatupa hata waraka unaolinganisha arabika na robusta, ambao pengine ndio uliotakiwa.

Tahadhari kuhusu Kiswahili: "mnyauko", "kunyauka" na "umenyauka" ni maneno matatu tofauti kwa modeli zote mbili. Ukilazimisha, lazimisha kundi zima:

```
+(mnyauko kunyauka umenyauka) kahawa Masaka
```