Runinga kutoka Maskati: kubadili nchi kulifungua nini, na nini kilibaki kimefungwa

Shemeji yangu alirudi likizo kutoka Maskati na runinga ya LG ya inchi 43, kaizungushia mablanketi mawili, akanikabidhi kama anayekabidhi mtoto mchanga. Tulipoiwasha, menyu zote zilikuwa za Kiarabu, saa ilikuwa mbele, na kwenye duka la programu ile niliyoitaka haikuwemo. Ni programu ya kampuni ya king'amuzi ninayoilipia kila mwezi, kwa hiyo sikuwa natafuta cha bure. Fundi wa mtaani aliitazama, akasema inatakiwa "kufunguliwa", shilingi 60,000. Nikamshukuru, nikaanza kuhangaika mwenyewe.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kudhani kwamba lugha, saa na nchi vinakwenda pamoja. Nikabadili lugha kuwa Kiingereza, nikakimbilia dukani: rafu zile zile za Omani. Lugha ya runinga hubadilisha maandishi ya menyu tu. Hata Netflix haiifuati lazima, maana kila wasifu ndani ya akaunti una lugha yake. Kwa aliyekwama kwenye Kiarabu, bonyeza kitufe chenye alama ya gurudumu kwenye rimoti, kisha elekeza kamera ya simu yenye programu ya kutafsiri kwenye kioo. Kumbuka menyu za Kiarabu zimegeuzwa, zinaanzia kulia, ndiyo maana mkono wako unakwenda kusikokuwa.

Saa nayo haina uwezo wa kuleta programu hata moja, lakini ina vituko vyake. Maskati wako mbele yetu kwa saa moja: wao ni UTC+4, sisi Afrika Mashariki ni UTC+3. Jioni ya kwanza mama alitazama ratiba ya vipindi, akaona taarifa ya habari ya saa mbili usiku imeandikwa 21:00, akaanza kulalamika kwamba siku hizi wanasogeza habari ovyo. Habari haikusogezwa, ni runinga iliyokuwa bado inahesabu kwa saa za Omani. Nikaharakisha kurudisha mshale wa saa kwa mkono, nikaacha eneo la saa lilivyo. Usifanye hivyo. Nenda kwenye Time & Timer, kisha Date & Time, badili Time Zone, halafu washa Set Automatically uiache ichukue saa yenyewe kutoka kwenye mtandao.

Kinachoharibu mambo hasa ni tarehe. Umeme ukikatika kwa muda mrefu, au runinga ikikaa kwenye boksi miezi kadhaa, inaweza kuamka ikiamini ni miaka mingi iliyopita. Hapo waifai itaonyesha imeunganishwa vizuri, lakini programu moja baada ya nyingine zitasema hakuna mtandao. Sababu ni kwamba kila programu, kabla ya kuzungumza na kampuni yake, hukagua cheti cha usalama chenye tarehe ya kuanza na ya kuisha. Runinga inayodhani ni miaka kumi nyuma huona cheti hakijaanza kutumika, inakikataa. Ukiona waifai iko na programu zote zimegoma kwa pamoja, angalia tarehe kabla hujampigia simu mtu wa intaneti.

Sasa nchi, ambako ndiko kazi ilikokuwa. Kwenye LG za miaka ya karibuni njia ni hii: Settings, All Settings, General, System, Location. Kwenye za zamani kidogo neno System halipo, unatoka General moja kwa moja kwenda Location. Humo ndani utakuta nchi mbili, na hapa wengi hukosea. Moja ni Broadcast Country, inayohusu matangazo ya antena: jinsi runinga inavyotafuta na kupanga chaneli za hewani. Nyingine ni LG Services Country, na hii ndiyo inayoamua duka la programu lionyeshe rafu za nchi gani. Ukitaka programu, gusa hiyo ya pili tu. Ile ya kwanza ukiichezea bila sababu utajikuta unatafuta chaneli upya.

Kwenye LG Services Country kuna alama ya vema kwenye Set Automatically. Ikiwa imewashwa, runinga hujikadiria ilipo kwa kutazama anwani ya intaneti yako. Itoe, na orodha ya nchi itafunguka. Nikachagua Afrika Kusini. Sikubahatisha: binamu yangu aliyeko Johanesibagi ana runinga kama hii, na programu ninayoitaka anaitumia kila siku. Hilo ndilo ningekushauri ulifanye kwanza. Duka la programu si moja dunia nzima. Kila kampuni hupeleka programu yake kwenye nchi ilizochagua, kwa hiyo uliza imepelekwa wapi kabla hujaanza kuruka nchi baada ya nchi.

Runinga ikaniuliza kama nina hakika, ikajizima, ikajiwasha. Ilirudi kama mgeni: ikataka nikubali masharti upya, ikataka niingie upya kwenye akaunti ya LG, na programu nilizokuwa nimepakia zilikuwa zimeondoka pamoja na kumbukumbu za kuingia. Mimi nilifanya haya robo saa kabla ya mechi, sebule imejaa, na nenosiri la Netflix analijua mwanangu aliye bweni. Fanya asubuhi, na andika manenosiri kwenye karatasi kwanza. YouTube ni rahisi kuirudisha, kwa sababu runinga hukupa namba na wewe unaiandika kwenye simu katika youtube.com/activate.

Baada ya hapo nikatafuta programu yangu dukani, ikajitokeza mara moja. Nikaipakia, nikaingia kwa akaunti yangu ya hapa, ikacheza. Baadaye nilitamani programu moja ya Kiarabu iliyokuwepo mwanzo, nikairudisha nchi kuwa Omani, na ile ya Afrika Kusini ikaondoka. Kwenye runinga yangu rafu mbili hazikai pamoja. Mwenye kutaka vyote anunue kisanduku kidogo cha kuchomeka kwenye HDMI, kimoja kiwe na nchi hii, runinga ibaki na ile.

Kama nchi unayoitaka haimo kwenye orodha, hapo ndipo simama. Orodha hutegemea runinga ilitengenezewa soko gani. "Kufungua" alikokuwa anakusema fundi ni kuingia kwenye menyu ya siri ya mafundi na kubadili kundi zima la nchi. Humo kuna mipangilio mingine ya kioo, rimoti na kipokezi cha antena, na chaguo moja baya linaweza kukuachia runinga inayowaka lakini haipokei chaneli. Kwa shilingi 60,000 ningekuwa nimelipia hatari.

Niliposimulia mafanikio haya kwenye kundi la familia, dada yangu wa Mombasa akaja na swali lililonifanya nielewe mipaka ya jambo lenyewe. Runinga yake ilinunuliwa London, nchi yake bado ni Uingereza, na BBC iPlayer imo, imekaa kwenye safu ya mbele. Kila akiifungua inamwambia haipatikani alipo. Akauliza, "Kaka, nibadili nini?"

Hakuna cha kubadili kwenye runinga. Kupata programu dukani ni mlango mmoja, na kucheza kilichomo ni mlango mwingine. Mlango wa pili haulindwi na runinga. Unalindwa na mwenye maudhui, anayetazama anwani ya IP ambayo intaneti yako inatokea. Anwani ya Mombasa ni ya Kenya hata runinga ikiapa kwamba iko London. Ndivyo ilivyo kwa Netflix pia: filamu unazoziona hutegemea intaneti yako inatokea nchi gani, na mpangilio wa runinga hauingii humo. Wanaotumia VPN, yaani programu inayofanya intaneti yako ionekane inatokea nchi nyingine, nao hukuta Netflix ikiwaonyesha zile tu ambazo ina haki nazo duniani kote, mbali na kwamba kukwepa mipaka ya nchi ni kinyume cha masharti ya huduma nyingi za namna hii.

Kwa hiyo kuna jaribio ninalolifanya siku hizi kabla ya kugusa rimoti, na halichukui dakika tatu. Chukua simu, iunganishe kwenye waifai ile ile ya runinga, fungua huduma unayoitaka kwenye kivinjari, ingia kwa akaunti yako, jaribu kucheza kitu. Ikicheza kwenye simu na kwenye runinga programu haipo, tatizo ni la duka, na kubadili nchi kunaweza kukusaidia. Ikikataa hata kwenye simu, iache runinga yako kwa amani.

Wenye runinga za Google TV wana mlango wa tatu, na huu umewaponyoka wengi. Nchi ya Google Play haikai kwenye runinga, inakaa kwenye akaunti yako ya Google. Unaweza kubadili lugha, saa na eneo kwenye runinga mpaka vidole viume, duka litabaki la nchi iliyoandikwa kwenye akaunti. Kuibadili kunataka uwe kwenye nchi hiyo mpya na uwe na njia ya malipo ya huko. Ukishabadili, unasubiri mwaka mzima kabla ya kubadili tena, na salio lililokuwa kwenye duka la nchi ya zamani halikufuati. Aliyehamia kweli, mathalani kutoka Nairobi kwenda Doha, abadili bila wasiwasi. Anayejaribu tu asiiguse akaunti yenye barua pepe na picha zake zote.

Juzi jirani ameniita, amesikia mimi ni mtaalamu wa nchi za runinga. Yake imeletwa na mjomba kutoka Marekani, ya inchi 50, nzuri, lakini haipati chaneli hata moja ya antena. Alikuwa ameshabadili nchi mara nne. Nilianza kwa kusoma kibandiko cha nyuma: kimeandikwa 100-240V, kwa hiyo umeme wetu hautaiunguza. Kisha nikamweleza kwamba Marekani hutangaza kwa mfumo wa ATSC na sisi tuko kwenye DVB-T2, na kipokezi kilichomo ndani ni kifaa, hakigeuki kwa kuchagua jina la nchi. Tukaazima king'amuzi cha antena kwa mama mkwe wake, tukachomeka waya wa HDMI, tukabonyeza kutafuta. Chaneli ya kwanza iliyotokea ilikuwa ya mapishi, na mkewe akakataa tuendelee mpaka kipindi kiishe.