Kadi Moja Iliyonifundisha Baklogi, Sprinti na Stendapu

Nilipojiunga na timu ya kwanza ya programu iliyofanya kazi kwa mtindo wa ajaili, yaani kutengeneza programu kwa vipindi vifupi na kurekebisha mpango njiani, nilikabidhiwa kadi moja kwenye ubao wa kazi: mtumiaji aliyesahau nenosiri aweze kuliweka upya kwa namba ya siri atakayotumiwa kwa ujumbe mfupi wa simu. Naieleza kadi hiyo kwa sababu ilipitia mambo yote matatu ambayo mwajiriwa mpya huyasikia tangu asubuhi ya kwanza, na kila moja nililielewa vibaya.

Kadi ilianzia kwenye baklogi, yaani orodha ya mambo ambayo huenda bidhaa ikayahitaji, yaliyopangwa kwa kipaumbele kuanzia juu. Neno "huenda" lina uzito hapa. Mimi niliiona orodha ile kama rundo la kazi zilizochelewa, nikaingiwa na hofu, kumbe kuandikwa kwenye baklogi si ahadi kwamba jambo litafanywa. Yaliyo chini mara nyingi ni mistari mifupi isiyo na maelezo, na baadhi hufutwa bila kuguswa. Yaliyo juu ndiyo hufafanuliwa na kugawanywa mpaka yaweze kukamilika ndani ya sprinti moja. Anayeamua lipi litangulie ni mmiliki wa bidhaa. Kwa hiyo mtu wa idara nyingine akikufuata mezani na ombi lake, mwelekeze kwake badala ya kulianza kimyakimya.

Sprinti nayo ilinidanganya kwa jina lake, kwani nilidhani ni amri ya kukimbia. Ni kipindi cha kazi chenye urefu maalumu usiozidi mwezi mmoja, na timu nyingi, yetu ikiwamo, huchagua wiki mbili. Siku ya kwanza timu hukubaliana lengo la sprinti, kisha huchagua kutoka kwenye baklogi kazi zitakazoifikisha hapo. Kazi hizo huitwa baklogi ya sprinti, na ndiyo maana mtu akitaja baklogi inafaa kuuliza anakusudia ipi. Tarehe ya mwisho haisogezwi: kinachoweza kupunguzwa ni kiasi cha kazi, na kadi isiyokamilika hurudi kwenye baklogi kuu.

Stendapu ndiyo iliyonigharimu zaidi. Ni kikao cha kila siku ya kazi, kisichozidi dakika 15, ambacho kwa desturi hufanywa watu wakiwa wamesimama ili kisirefuke. Timu nyingi bado huuliza maswali matatu: jana ulifanya nini, leo utafanya nini, na nini kinakuzuia. Mwongozo wa Skramu, mfumo wa ajaili unaotumia sprinti na kikao hiki, ulipohaririwa mwaka 2020 uliyaondoa maswali hayo na kubakiza kusudi lake, ambalo ni wanatimu kupima pamoja kama bado wanalielekea lengo na kurekebisha mpango wa siku inayofuata. Mimi niliichukulia kama taarifa kwa mkubwa wa kazi, nikataka kuonekana sijakwama.

Siku ya tatu ya sprinti niligundua kwamba sina ufunguo wa majaribio wa huduma ya kutuma ujumbe, yaani herufi za siri zinazoiruhusu programu kuitumia huduma hiyo. Niliuomba kwa barua pepe katika idara nyingine, kisha kwa asubuhi nne mfululizo nikasema, "Naendelea na kadi ya nenosiri." Sikusema uongo, lakini sentensi hiyo haikumsaidia yeyote. Siku ya saba mwenzangu mzoefu aliona kadi haijasogea kutoka safu ya kazi zinazoendelea, akaniuliza baada ya kikao, "Unasubiri nini hasa?" Alimfahamu mhusika, na ufunguo ukapatikana alasiri hiyohiyo. Zilibaki siku tatu, ambazo zilitosha kumaliza kuandika msimbo lakini hazikutosha kuujaribu wala kuupitisha kwa mkaguzi. Katika timu yetu kadi huhesabiwa imekamilika baada ya hatua hizo mbili, kwa hiyo ombi langu la kuihesabu kuwa asilimia 90 lilikataliwa, na nadhani lilistahili kukataliwa: mtumiaji asingeweza kubadilisha nenosiri kwa asilimia 90.

Nilichopaswa kusema asubuhi ya siku ya nne ya sprinti ni hiki: "Sehemu ya kutengeneza namba ya siri imekamilika. Siwezi kujaribu kutuma ujumbe kwa sababu sina ufunguo, nao niliuomba jana. Nahitaji anayemfahamu mhusika, la sivyo kadi hii haitakamilika ndani ya sprinti." Hayo huchukua chini ya dakika moja. Utatuzi wenyewe haujadiliwi palepale. Wawili wanaohusika hubaki baada ya kikao ili wengine waendelee na kazi zao.

Ukitaka kujua kama nawe umekwama bila kukiri, linganisha maneno yako ya leo na ya jana. Yakifanana kwa siku mbili, taja kinachokuzuia hata kama unadhani kitaondoka chenyewe mchana huo.

Kadi yangu ilirudi kwenye baklogi, mmiliki wa bidhaa akaiacha juu, na tukaichukua katika sprinti iliyofuata. Safari hiyo, kabla ya kukubali kuiingiza, timu iliuliza kwanza kama kila kinachohitajika kutoka nje kimeshapatikana.