Jicho linauma likizungushwa na rangi zimefifia

"Nina miaka 29. Siku ya nne sasa jicho la kushoto lina ukungu, nikilizungusha linauma, na kanga nyekundu naiona kama imepauka. Duka la dawa wamenipa prednisoloni. Ninywe?"

Dada, usizinywe bado. Nenda leo kwa daktari bingwa wa macho. Dalili zako zinaelekea kwenye kuvimba kwa neva ya jicho. Huwa inauma kwa sababu misuli inayozungusha jicho imeshikana na ala ya neva hiyo.

Utafiti mkubwa wa Marekani uliotolewa 1992 ulionyesha kuwa vidonge vya prednisoni, dawa ya jamii moja na hiyo uliyopewa, peke yake, kwa dozi ya kawaida, viliongeza uwezekano wa tatizo kurudi. Tiba iliyosaidia ni methiliprednisoloni ya mshipani, gramu 1 kwa siku kwa siku 3, kisha vidonge kwa siku 11. Hata hiyo huharakisha tu kupona. Baada ya mwaka uoni ulikuwa karibu sawa na wa wasiotibiwa. Kabla ya dripu wakupime sukari, kaswende na kifua kikuu.

Omba pia MRI ya ubongo. Katika utafiti huohuo, baada ya miaka 15, asilimia 72 ya waliokutwa na madoa kwenye ubongo walipata multipo sklerosisi, ugonjwa ambao kinga ya mwili hushambulia ubongo na uti wa mgongo. Wasio na madoa, 25.

Jicho la pili likiguswa, au uoni usiporudi ndani ya wiki chache, wapime kingamwili za akwaporini-4. Kingamwili hizo huashiria ugonjwa mwingine, neuromyelitis optica, ambao huwapata zaidi watu weusi na haufai kucheleweshewa tiba.